Mikono Miwili kwenye Mstari wa Kumi na Saba

Kazi yangu ya kwanza ya mshahara niliipata Tukuyu, kwenye ofisi ya mradi wa maji. Nilikuwa na cheti cha kidato cha nne, cheti cha kupiga chapa, na koti la sufu nililoachiwa na dada yangu alipoolewa. Ilikuwa miaka ile ambayo kila kitu kilikuwa kinabadilika bei na mmiliki. Maghala ya ushirika yalikuwa yamekodishwa kwa wanunuzi binafsi wa kahawa, mitumba ilikuwa imejaa sokoni, na vijijini watu walikuwa wameambiwa kwamba maji si ya bure tena. Kila kijiji kilitakiwa kiunde kamati ya maji, kifungue akaunti benki, kichangie, na kiwe na watu wake wa kutunza mabomba. Watu hao ilibidi wafundishwe, na ndiyo maana kulikuwa na semina, na mimi nikapata kazi.

Tulikuwa vyumba vitatu vyenye paa la bati. Mvua ikinyesha, na kwetu inanyesha sana, tulisubiri ipungue ndipo tuendelee kuzungumza. Chumba cha mbele alikaa mratibu. Cha katikati kilikuwa stoo ya mabomba na koki. Cha nyuma nilikaa mimi na mhasibu, mzee mmoja aliyefanya kazi ushirika zaidi ya miaka ishirini, kisha akapunguzwa pamoja na wenzake. Mimi nilimwita Mzee, yeye aliniita mwanangu. Alivaa tai kila siku, hata siku ambazo hakuna mgeni, na kalamu zake alizipanga mezani kama mtu anayepanga vijiko.

Yeye ndiye aliyenifundisha kusoma karatasi za mahudhurio. Nilidhani ni kazi ya kunakili tu. Kila siku ya semina ilikuwa na karatasi yake, na juu yake mwezeshaji aliandika tarehe na mahali. Chini kulikuwa na mistari yenye namba, na kila mshiriki alijaza mwenyewe jina, kijiji, wadhifa wake kwenye kamati, na kama analala mjini au anarudi kwake, kisha anaweka sahihi ya asubuhi na sahihi ya mchana. Semina ikiisha, karatasi zililetwa kwetu. Mimi nilichora jedwali kubwa, majina upande wa kushoto, tarehe juu, na nikaweka alama kwenye kila siku ambayo mtu ana sahihi zote mbili. Baada ya hapo ndipo nilipohesabu siku zake, nikazizidisha kwa kiwango chake, nikaongeza nauli ya kuja na kurudi. Jedwali hilo ndilo lililozaa orodha ya malipo.

"Usianze na hela," Mzee aliniambia siku ya kwanza. "Anza na mtu. Alikuwepo au hakuwepo? Ukishajua hilo, uliza ilikuwa tarehe ngapi. Ukijua tarehe utajua kiwango. Hela inakuja mwisho, na ikifika mwisho haina ubishi."

Semina ninayoikumbuka kuliko zote ilianza Jumatatu tarehe ishirini na tisa Juni ikaisha Ijumaa. Ilikuwa ya watu thelathini na wanane, wa kamati za maji za vijiji mbalimbali, na ilifanyika kwenye ukumbi wa kukodi mjini. Ijumaa jioni mwezeshaji, fundi wa maji anayekaa mtaa wa Bagamoyo karibu na kwetu, alileta karatasi tano zikiwa zimekunjwa mfukoni mwa koti la mvua. Wiki iliyofuata ilikuwa na Sabasaba, na washiriki walikuwa wameahidiwa kulipwa Jumatatu kabla ya sikukuu. Kwa hiyo Jumamosi asubuhi nilikwenda ofisini peke yangu. Mzee alisema atapita baadaye.

Ilikuwa baridi kweli. Ukungu ulikuwa umeshuka mpaka barabarani, nami nilifanya kazi nikiwa nimejifunga khanga juu ya koti. Kwenye karatasi ya tatu nilikuta kitu kikanichekesha. Mwezeshaji alikuwa ameandika "31 Juni". Juni haina thelathini na moja. Ile ilikuwa Jumatano, tarehe moja Julai. Ningeweza kupita hapo bila kujali, lakini nilikumbuka barua iliyobandikwa ukutani juu ya meza ya Mzee, iliyosema kwamba viwango vipya vya posho vinaanza tarehe moja Julai. Anayelala mjini alikuwa akilipwa elfu tatu kwa siku, sasa ni elfu tatu na mia tano. Anayerudi kwake alikuwa akilipwa elfu moja, sasa ni elfu moja na mia mbili. Kosa lile la tarehe lingempunja kila mtu aliyekuwepo Jumatano. Nilichora jedwali langu, siku mbili upande wa kiwango cha zamani, siku tatu upande wa kipya, nikajiona mtu wa maana.

Labda ndiyo sababu niliendelea kutafuta makosa. Nilikuwa nimelewa kidogo kwa kulipata lile la kwanza.

Mstari wa kumi na saba ulikuwa wa mhazini wa kamati ya kijiji kimoja cha Kisiba, mwanamke. Jumatatu na Jumanne aliandika jina lake kwa mwandiko mdogo ulioungana, wa mtu aliyezoea kalamu, na sahihi yake ilikuwa na mkia mrefu unaorudi nyuma. Jumatano jina lilikuwa lile lile, lakini herufi zilikuwa kubwa na za kuachana, zimekandamizwa mpaka karatasi ikavimba upande wa pili. Mahali pa sahihi palikuwa na jina lile lile tena, limeandikwa lote. Na penye wadhifa, badala ya "Mhazini", paliandikwa "Mhasini".

Yeyote aliyekulia kwetu angejua maana ya ile herufi. Kinyakyusa hakina z, na mtu aliyezoea kukizungumza huiandika kama anavyoisikia mdomoni mwake. Siku mbili za mwanzo z ilikuwepo. Alhamisi haikuwepo, na Ijumaa haikuwepo.

Miezi michache nyuma kulikuwa na semina iliyotuletea aibu. Mtu alikuwa ameingiza majina ya watu ambao hawakufika, na wafadhili waligundua kabla yetu. Tangu hapo mratibu alikuwa ametoa agizo. Mstari wowote wenye miandiko miwili unafutwa wote, na mwenye jina haalikwi tena. Nilijua kwamba mtu asiyealikwa tena atatolewa kwenye kamati, kwa sababu kijiji hakitaki mhazini asiyefundishwa. Nilijua yote hayo. Nilichukua kalamu nyekundu na rula, nikapiga mstari juu ya jina lake kwenye karatasi ya Jumatatu, nikafanya hivyo kwenye ya Jumanne, na kwenye zote tano.

Mzee alipofika, akining'iniza mwavuli wake mlangoni, nilimsimulia kwa furaha. Juni thelathini na moja ilimchekesha sana. Halafu nikamwonyesha mstari wa kumi na saba. Hakucheka tena. Alivua miwani, akaifuta kwa ncha ya tai, akaivaa.

"Nani amechora hapa?"

"Mimi, Mzee. Tazama, ni mikono miwili."

"Naona. Ni mikono miwili kweli, una jicho zuri." Alilaza kiganja juu ya karatasi. "Lakini karatasi hii si yako, mwanangu. Hii ni ya watu waliokuwa ukumbini. Jedwali ni lako, lichore unavyotaka. Hii hatuigusi."

Niliiweka kalamu nyekundu chini. Mzee aliendelea kuitazama karatasi.

"Na huyu wa pili ni nani?"

"Sijui."

"Umeuliza?"

"Agizo linasema mstari ufutwe."

"Agizo linasema ufutwe. Halijasema usiulize kwanza." Hakupandisha sauti. Katika miaka yote niliyofanya naye kazi sikuwahi kumsikia akipandisha sauti. "Karatasi imekwambia kuna mtu alikaa kwenye kiti hicho siku tatu. Mimi ningependa kumjua kabla sijamfukuza."

Nilitembea mpaka kwa mwezeshaji nikiwa na hasira kidogo, maana nilikuwa nimezoea kusifiwa. Nilimkuta uani akitengeneza baiskeli. Nilimwuliza kuhusu tarehe, akajipiga kipajini. Nilipomwuliza kuhusu mhazini wa Kisiba, alinyanyuka.

"Ah, yule. Dada, si alishikwa na uchungu Jumanne jioni? Alikuja semina na tumbo lake hilo, tukamwambia apumzike, akasema siku zake bado. Walimpeleka hospitali ya wilaya, akafanyiwa upasuaji. Mtoto mzima, mama mzima. Aliyekaa ni mumewe."

"Na wewe ulimwacha aandike jina la mkewe?"

"Jumatano niliita majina. Nilipofika kwa yule mama, huyu bwana akasimama nyuma kabisa akasema, yupo. Mwenyekiti wa kamati yao akasema aketi, wamekubaliana. Nikaendelea na somo." Alijifuta grisi mikononi. "Halafu zile ndizo siku za vitendo, kukata bomba, kufungua koki. Yule bwana aliandika kila kitu. Sijapata mtu wa kuandika kama yule. Mpaka nilivyokohoa nadhani ameandika."

Nilirudi nyumbani kwanza, maana nilikuwa nahisi njaa na aibu, na sikujua kipi kilikuwa kikubwa. Mama yangu alikuwa jikoni. Nilipomwambia nakwenda wodi ya wazazi kikazi alinitazama kana kwamba nimetukana.

"Unamwendea mwanamke aliyejifungua mikono mitupu? Kwa kazi?"

Alikoroga uji wa pilipili manga, ule mwepesi wanaopewa wazazi, akajaza chupa ya chai, akanifungia vikombe kwenye kitambaa. Hivyo ndivyo nilivyoingia hospitali saa za kuona wagonjwa, karatasi tano za mahudhurio kwapani na chupa ya uji mkononi.

Niliwatambua kabla sijaulizia. Mke alikuwa amekaa kitandani, mdogo wa umbo, kitambaa cheupe kichwani, mtoto amelala ubavuni kwake. Mumewe alikuwa amekaa kwenye benchi, mrefu, magoti yamepanda juu, daftari la kurasa themanini limefunguliwa mapajani. Alikuwa anasoma kwa kidole.

"Koki ya gati, ile ya gurudumu, inafungwa polepole," alisoma. "Ukifunga kwa nguvu, maji yanarudi na kupasua bomba."

"Kwa nguvu au kwa haraka?" mkewe aliuliza.

Alirudisha kidole nyuma. "Kwa haraka. Niliandika vibaya."

"Sahihisha basi, nitakuja kusahau."

Alisahihisha. Niliwaamkia, nikajitambulisha kuwa natoka ofisi ya mradi. Mume alisimama mara moja, daftari likamponyoka. Nadhani alijua nilichofuata. Mkewe alisogea kidogo akanionyesha nikae kitandani, nami nikamimina uji kwanza kwa sababu sikuwa na ujasiri wa kuanza na karatasi. Alikunywa nusu kikombe, akashukuru kwa Kinyakyusa, ndaga, halafu akasema, "Uji huu una pilipili ya watu wa pwani."

"Kaukoroga mama yangu."

"Mwambie nimeusikia mpaka kwenye vidole vya miguu."

Mtoto alikuwa wa kike, siku nne tu duniani, na nywele nyingi kupita kiasi. Walinipa nimshike. Nilimshika muda mrefu kuliko ilivyolazimu, kisha nikamrudisha nikatoa karatasi.

Mume alieleza akiwa bado amesimama. Kiswahili chake kilikuwa cha polepole, kila neno analipima. Habari za mkewe zilimfikia Jumanne jioni, akaanza safari kabla ya alfajiri. Aliwakuta salama. Mkewe alipozinduka vizuri, kitu cha kwanza alichouliza, baada ya mtoto, kilikuwa ni nani anamwandikia masomo.

"Nililia," mke alisema bila haya. "Siku za vitendo ndizo nilizozitaka. Hesabu za michango nazijua. Mabomba siyajui."

"Kwa hiyo nikaenda," mume alisema. "Walipoita jina lake, nikasema yupo. Nilidhani ni kama shuleni. Nikiandika jina langu, watasema yeye hakuja, na siku zake zitafutwa. Mimi sikuwa na jina kwenye ile semina. Nilikuwa nimemshikia nafasi yake tu." Alitazama chini. "Kama ni wizi, muniulize mimi. Yeye alikuwa amelala hapa."

"Si wizi," nilisema.

Mume alikuwa ameanza kuzipitia karatasi, moja moja, akitafuta mstari wa mkewe. Alipoupata aligusa wekundu kwa kidole.

"Huu mstari ni wa nini?"

Ningeweza kusema ni alama ya ofisi. Angekubali. Mtu kama yule angekubali chochote ambacho ofisi ingesema. Mkewe alikuwa ananitazama juu ya kikombe, na yeye alikuwa anajua kusoma makaratasi.

"Nilimfuta," nilisema. "Leo asubuhi. Niliona miandiko miwili, sikuuliza. Ni kosa langu."

Mume aliondoa kidole kwenye karatasi. Kwenye kitanda cha jirani mama mmoja alikuwa anambembeleza mwanawe kwa Kinyakyusa. Kisha mke akaweka kikombe chini.

"Uliona kwa nini? Jina si lile lile?"

Nikamwonyesha. "Mhasini."

Aliinama akasoma, akaanza kucheka, akajishika tumbo kwenye mshono kwa maumivu, na bado akacheka. "Nimemwambia miaka sita. Z, baba. Z." Mumewe naye alitabasamu, kwa mara ya kwanza, akafunika mdomo kwa mkono.

Jumapili mchana sikuweza kulala kama nilivyozoea. Jumatatu asubuhi na mapema mimi na Mzee tulikaa mbele ya mratibu. Mratibu hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na wafadhili wanaomwandikia barua kila wiki, na aibu ile ya nyuma ilikuwa bado mbichi kwake. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Huyu mume hakualikwa," alisema.

"Hakualikwa," Mzee alikubali. "Lakini posho hailipwi kwa kualikwa. Tulialika arobaini, wawili hawakuja, na hawa hatuwalipi. Tunalipa waliokaa. Yeye alikaa siku tatu, asubuhi na mchana."

"Amesaini jina lisilo lake."

"Ndiyo. Tukimlipa mkewe siku tano, tumeshiriki kosa hilo. Tukifuta wote, tumesema hakuna aliyekaa pale, na hilo nalo si kweli." Alisogeza karatasi mezani. "Ninachoomba ni mistari miwili. Mke, siku mbili za Juni, kiwango cha zamani. Mume, kwa jina lake mwenyewe, siku tatu za Julai, kiwango kipya. Mwenyekiti wa kamati yao aandike barua kwamba walimweka badala yake. Mwezeshaji athibitishe. Mume mwenyewe asahihishe mbele yetu."

Mratibu alizungusha kalamu. Nje matone yalikuwa yanagonga bati moja moja.

"Nauli?" aliuliza hatimaye.

"Ya mke, kuja na kurudi. Mume hana," nilisema mimi.

"Kwa nini hana? Hakutoka Kisiba?"

Nilikuwa nimemwuliza mume swali hilo hilo Jumamosi pale hospitali, nikiwa tayari na kalamu. Alinijibu kwamba hakupanda gari. Saa ile hakukuwa na gari, akatembea. Nilimwambia naweza kuiandika tu, watu wote wanaandika. Alisema hapana, mwandikie mama yake mtoto, yeye ndiye aliyepanda gari.

Nilipomweleza mratibu hayo, aliacha kuzungusha kalamu. Akavuta karatasi, akaandika "Naafiki" na kuweka sahihi yake.

Mchana malipo yalifanyika ukumbini. Watu walipanga foleni wakiwa wamevaa nguo za kutokea, wengine wakitoka Kawetele kwa miguu na matope hadi kwenye vifundo. Mwenyekiti wa kamati ya Kisiba alileta barua yake, imeandikwa kwenye karatasi ya daftari na kugongwa muhuri wa kijiji mara mbili, kwa uhakika zaidi. Mwezeshaji alikata ile thelathini na moja Juni kwa mstari mmoja mwembamba, ili bado isomeke, akaandika tarehe sahihi pembeni na kuweka sahihi. Kisha ikawa zamu ya mume.

Mzee alimwonyesha namna. Usifute, usipake rangi nyeupe. Piga mstari mmoja juu ya ulichoandika, andika jina lako juu yake, weka sahihi na tarehe ya leo. Aliinama akaandika jina lake mara tatu, Jumatano, Alhamisi, Ijumaa, polepole, ulimi umetoka kidogo pembeni mwa mdomo. Penye wadhifa alisita.

"Hapa niandike nini?"

"Andika ulikuwa nani pale," Mzee alisema.

Alifikiri. Aliandika "Mume wa Mhazini". Aliandika kwa z, akaiangalia, akaniangalia.

Nami nilikuwa na la kuandika. Kando ya kila mstari mwekundu, mara tano, niliandika kwamba alama hii ilipigwa kimakosa na karani, nikaweka sahihi yangu. Mzee alisimama nyuma yangu mpaka nilipomaliza ya tano. Alikuwa amenipa kalamu yake badala ya ile yangu iliyokuwa inavuja.

Elfu kumi na mia tano zilikuwa za mume. Alipopewa bahasha aliigeuza. "Na ya mama?"

"Ya mama ataitia sahihi yeye mwenyewe," nilisema. "Safari hii huwezi kumshikia."

Watu waliokuwa karibu walicheka, naye pia. Tukaenda wote watatu hospitali, Mzee na mwavuli wake, mimi na orodha. Mke alisoma mstari wake wote kabla ya kutia sahihi, siku mbili, kiwango, elfu sita, nauli mia nane. Alihesabu, akasaini na ule mkia wake mrefu. Mumewe alimwekea bahasha yake mwenyewe pale kitandani, juu ya ile ya mkewe.

"Hii ya nini?"

"Yako. Siku zilikuwa zako."

"Zilikuwa zako," mke alisema, akairudisha mfukoni mwa shati la mumewe na kukifunga kifungo. Alikifunga taratibu, kama mtu anayemvisha mtoto. Mzee aligeuka akawa anatazama dirishani, nami nikashughulika na makaratasi ambayo hayakuhitaji kushughulikiwa.

Tulipotoka nje Mzee aliniuliza kama nimekula. Nikasema bado. Tulinunua mahindi ya kuchoma, tukala tukiwa tumesimama chini ya mwavuli mmoja. Aliniambia kwamba alipokuwa ushirika aliwahi kumfuta mkulima mmoja kwenye orodha ya malipo kwa sababu ya alama ya kidole isiyosomeka. Yule mkulima alikuwa ameungua mkono. Mzee hakuuliza, na alipokuja kujua, mtu alikuwa ameshahama. Alisema hivyo tu, akaendelea kula hindi lake.

Mwaka uliofuata kulikuwa na awamu ya pili, ya mafundi wa bomba. Kisiba walileta majina mawili kutoka nyumba moja. Mke alikuwa bado mhazini, na kijiji chake kilikuwa miongoni mwa vichache ambavyo daftari lao la michango halikuwa na deni la kueleza. Mume alikuwa amechaguliwa fundi, kwa kuwa hakuna mwingine kijijini aliyekuwa na zile kurasa themanini. Walikaa ukumbini viti viwili jirani. Mtoto alikuwa ameanza kutembea, na wakati wa somo la hesabu alishikwa na baba, wakati wa somo la koki alishikwa na mama. Nilikuwa nimekaa mlangoni na karatasi za mahudhurio. Siku ya pili yule mtoto alikuja hadi kwangu, akashika ukingo wa meza, akasimama hapo akinitazama mpaka nilipomwinua na kumweka mapajani, na nikaendelea kuandika tarehe kwa mkono mmoja.